Alama ya kasha kufunguliwa: inatoka wapi na inafutwaje

Umezima Dell OptiPlex, umeongeza kadi ya RAM, umefunga kifuniko. Ukiwasha, badala ya Windows kuanza, skrini inasimama kwenye maneno haya:

```
Alert! Cover was previously removed.
```

Hakuna kilichoharibika. Kompyuta inakuambia kwamba kifuniko chake kiliwahi kutolewa tangu alama ilipofutwa mara ya mwisho. Neno la kushika hapo ni `previously`, yaani hapo awali. Ujumbe hausemi kwamba kifuniko kiko wazi sasa hivi, ndiyo maana kukifunga vizuri peke yake hakuuondoi.

Ndani ya kasha, karibu na ukingo wa kifuniko, kuna swichi ndogo yenye waya unaoingia kwenye ubao mama. Kifuniko kikiwa mahali pake huikandamiza, na kikitolewa swichi inaachia. Ikiachia mara moja tu, sakiti ndogo kwenye ubao mama inaweka alama na kuishikilia. Sakiti hiyo inatumia betri ya saa, ile ya mviringo yenye maandishi CR2032, kwa hiyo alama inawekwa hata kompyuta ikiwa imechomolewa ukutani. BIOS ndiyo inayoisoma alama hiyo wakati wa kuwasha. Kwa maneno mengine, hakuna king'ora kinachopiga mwizi akiwa kazini. Mwenye mashine anajua baadaye.

Ukiona ujumbe, `F1` inaendelea kuwasha na `F2` inaingia kwenye mipangilio. Mafundi wengi hubonyeza `F1` na kumrudishia mteja mashine yake. Kesho yake mteja anapiga simu, kwa sababu `F1` inaruka ujumbe tu, alama inabaki palepale.

Kabla ya kuifuta, hakikisha swichi imekaa sawa. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua kasha, kisha uangalie kama kijiti cha swichi kinarudi chenyewe ukikibonyeza kwa kidole, na kama plagi ya waya wake imezama yote kwenye ubao. Waya huu hupita karibu na kadi za RAM na nyaya za diski, na ni rahisi kuuvuta bila kujua. Funga kifuniko mpaka kufuli lishike.

Sasa washa na ubonyeze `F2`. Nenda `Security`, kisha `Chassis Intrusion`. Kwenye miundo mingi ya OptiPlex utakuta `Clear Intrusion Warning`; ichague, bonyeza `Apply`, halafu `Exit`. Kama mashine ina nenosiri la msimamizi, utaombwa kwanza. Inafaa liwepo, kwani bila hilo aliyefungua kasha anaweza kuifuta alama mwenyewe na usijue kamwe.

Washa tena mara mbili. Ujumbe usiporudi, kazi imeisha. Ukirudi kila unapofuta, tatizo si alama ya zamani: swichi inasomeka wazi sasa hivi. Kwa mashine nyingi, waya uliochomoka au kijiti kilichovunjika husomeka sawasawa na kifuniko kilichotolewa. Kifuniko kilichopinda nacho hufanya hivyo, kwa kuwa hakifiki kuigusa swichi.

Hapo hapo kwenye `Chassis Intrusion` kuna chaguo tatu. `Enabled` inarekodi na kuonyesha ujumbe. `On-Silent` inarekodi bila kuonyesha kitu. `Disabled` haijali kabisa. Ukikuta mashine ya ofisi imewekwa `Enabled`, usiigeuze kuwa `Disabled` ili kukwepa ujumbe; aliyeiweka hivyo alikuwa na sababu, na baada yako hataweza kujua nani mwingine amefungua.

Wapo wanaochomoa betri ya saa ili kuifuta alama. Usifanye hivyo. Saa na tarehe zinapotea, na tarehe ikiwa ya miaka ya nyuma, kivinjari kitakataa tovuti zinazotumia `https` kwa kuviona vyeti vyake si halali. Utakuwa umebadilisha tatizo dogo kwa jingine.

Kwenye ubao wa ASUS uliofungwa kwenye kasha la kununua lisilo na swichi, chunguza kitu kingine. Pini zilizoandikwa `CHASSIS` huja na kifuniko kidogo cha plastiki kinachounganisha pini ya ishara na ya ardhi. Fundi akikichomoa wakati wa kusafisha na kikapotea, ubao unaamini kasha liko wazi na unaweza kukataa kuendelea kuwaka. Kirudishe kwenye pini zilezile mbili kwa kufuata mchoro wa kitabu cha ubao huo. Pini nyingine hapo ina umeme wa volti 5, na kuiunganisha na ardhi kunaweza kuharibu ubao.