Presha imeshuka baada ya wiki mbili: ni dawa, au ingeshuka tu?

Shikamoo dokta. Mama yangu alipimwa presha siku ya upimaji wa bure sokoni, ikatoka 172 kwa 98. Jirani akamletea unga wa majani, akawa anakunywa na maji ya moto kwa wiki mbili. Tumempima tena, imekuja 148 kwa 90. Si ni dawa iliyofanya kazi hapo?

Marahaba. Huenda majani yana nguvu, huenda hayana. Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni kwamba namba hizo mbili peke yake haziwezi kuamua, kwa sababu mama angeweza kuzipata bila kunywa chochote.

Presha haikai mahali pamoja kama urefu wa mtu. Inapanda na kushuka saa kwa saa, na hata kati ya siku na siku, kwa mtu yuleyule na mashine ileile, namba ya juu hutofautiana kwa pointi kumi na zaidi bila ugonjwa kubadilika. Tutunge mfano. Tuseme mama angepimwa siku saba mfululizo, hajaanza dawa yoyote, akapata namba za juu hizi: 146, 158, 139, 151, 172, 148, 143. Zijumlishe, ugawe kwa saba, unapata 151. Hiyo 151 ndiyo presha yake ya kawaida. Ile 172 ni siku moja tu iliyopanda kuliko nyingine zote.

Sasa tazama kilichotokea. Siku ya sokoni ikaangukia kwenye 172. Mkashtuka, mkatafuta dawa, mkapima tena, na kipimo cha pili kikaangukia 148. Tofauti ni pointi 24, na katika mfano huu hakuna tone la dawa lililoingia tumboni. Ukianzia kileleni, hatua inayofuata karibu kila mara ni ya kuteremka. Wataalamu wa takwimu huita jambo hili kurejea kwenye wastani. Francis Galton wa Uingereza aliliandika mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao wakiwa watu wazima: wazazi warefu sana walizaa watoto warefu, lakini kwa kawaida si warefu kupita kiasi kama wao.

Kwa hiyo mashine ya sokoni ilidanganya?

Hapana. Mashine inaweza kuwa nzima kabisa na ikasoma kweli tupu: saa ile, presha ya mama ilikuwa 172. Swali ni saa ile ilikuwa saa gani.

Nimekaa kwenye meza hizo za upimaji mara nyingi. Mama anafika ametoka kushuka kwenye daladala, kapu mkononi, foleni imemchosha kwa kusimama. Anaketi kwenye kiti cha plastiki kilichovunjika mgongo, miguu inaning'inia, mkanda wa mashine unafungwa juu ya mkono wa gauni, na wakati mashine inavuma anamweleza muuguzi habari za mjukuu. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuipandisha presha pointi kadhaa. Kibofu kikiwa kimejaa, inapanda. Mkono ukilegea chini ya usawa wa moyo, inapanda. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba inatoka juu kuliko ilivyo.

Wiki mbili baadaye mmempima nyumbani, asubuhi, ametulia. Mazingira peke yake yameshabadilika. Lakini hata tukiyafanya yafanane kabisa, kushuka kutakuwepo, maana sababu kubwa ni namna tulivyomchagua. Tulimfuatilia kwa sababu alipimwa siku mbaya.

Lakini si mama peke yake. Mtaani kwetu watu zaidi ya 20 wametumia majani hayo na karibu wote wameshuka. Nao wote ni bahati?

Jiulize walioanza kuyanywa ni akina nani. Ni walioambiwa siku ile kwamba presha yao iko juu. Aliyepata 118 alishukuru Mungu akaenda zake.

Tuweke hesabu, kwa namba za kutunga tena. Tuseme wastani wa watu wazima wa mtaa huo ni 128. Tuseme pia kwamba mtu anapozidi wastani kwenye kipimo cha kwanza, kwa kawaida ni asilimia 70 tu ya ile ziada inayoonekana kwenye kipimo cha pili, kwa kuwa sehemu iliyobaki ilikuwa ya siku ile. Wachukue wote waliopata 170. Wamezidi wastani kwa 42. Asilimia 70 ya 42 ni kama 29. Ongeza 29 kwenye 128, unapata 157. Kwa hiyo kundi zima, bila dawa, litashuka kwa wastani wa pointi 13. Wachache watapanda, wengi watashuka, na hao wengi ndio utakaowasikia wakisimulia.

Kama bado moyo haujakubali, wafuatilie wale ambao hakuna anayewafuatilia. Siku hiyohiyo ya upimaji kuna waliopata namba ya chini kabisa, 98 au 100. Waite baada ya wiki mbili uwapime. Kwa wastani watakuwa wamepanda, kwa hesabu ileile: wamepungukiwa na 30 kutoka 128, na wakirudi watapungukiwa na kama 21. Hatuwezi kusema majani yamewapandisha, hawakuyanywa. Hapo ndipo mimi mwenyewe nililielewa jambo hili, baada ya miaka ya kufurahia namba za wagonjwa wangu zilizoshuka. Vipimo vya pembeni, vya juu na vya chini, vyote vinavutwa kuelekea katikati.

Na madaktari wakubwa wenye vyuma vyao, wao hawaingii kwenye kosa hili?

Wanaingia, na kuna kisa kinachojulikana vizuri. Kwa watu ambao presha yao haishuki hata kwa vidonge vitatu na zaidi, palibuniwa tiba ya kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi kwenye mishipa ya damu ya figo, kisha kuziunguza neva zinazoizunguka mishipa hiyo. Nadharia yake ni nzuri, kwa kuwa neva hizo kweli zinahusika na kupandisha presha. Tafiti za mwanzo zilionyesha namba ya juu ikishuka kwa zaidi ya pointi 20. Ni matokeo makubwa mno kwa tiba ya mara moja.

Tatizo ni kwamba, ili uingie kwenye tafiti hizo, ilibidi kwanza presha yako iwe juu sana siku ya kupimwa kliniki. Ni kama sokoni kwenu. Tena katika tafiti hizo hakuna mgonjwa aliyefanyiwa utaratibu wa kuigiza, yaani kila mmoja alijua kama ametibiwa au hakutibiwa.

Mwaka 2014 yakatoka majibu ya utafiti wa Marekani ulioitwa Symplicity HTN-3, wenye wagonjwa 535. Safari hii waligawanywa kwa kura. Wote walilazwa, wote walipigwa picha ya mishipa ya figo, lakini kundi moja liliunguzwa neva na kundi jingine halikuunguzwa, bila wagonjwa kuambiwa nani yuko wapi. Baada ya miezi sita, waliounguzwa walishuka pointi 14 hivi. Wale ambao hawakuguswa neva walishuka karibu 12. Tofauti ya mbili na kitu haikutosha kusema tiba imefanya kazi.

Zile 12 za waliofanyiwa maigizo zimetoka wapi? Sehemu ni kurejea kwenye wastani. Sehemu ni matumaini ya mgonjwa, na sehemu huenda ni kwamba mtu akijua anafuatiliwa anameza vidonge vyake kwa uaminifu zaidi. Kwa utafiti huo huwezi kuzitenganisha moja moja, na wala huhitaji. Kundi la kulinganisha linabeba yote hayo, nawe unasoma kilichozidi.

Kisa hakikuishia hapo. Watafiti walirudi wakapanga tafiti bora, wakapima presha kwa mashine ndogo inayovaliwa saa 24 badala ya kutegemea vipimo vichache vya kliniki, na ikaonekana tiba ina faida ya kweli, ila ndogo kuliko ilivyodhaniwa mwanzo. Marekani waliiruhusu mwaka 2023. Kwa hiyo mtu akikuambia namba imeshuka yenyewe, hajasema tiba haifai. Amesema bado hatujui.

Basi hata vidonge vya hospitali huenda havifanyi kitu, presha inashuka yenyewe tu?

Nakuomba sana usimwachishe mtu yeyote vidonge kwa hoja hii. Dawa zinazotumika kliniki, kama amlodipini, zilipimwa kwa makundi mawili yaliyogawanywa kwa kura, moja likimeza dawa na jingine kidonge kisicho na dawa. Makundi yote mawili hushuka. La dawa hushuka zaidi, na tofauti hiyo haielezwi na kurejea kwenye wastani kwa kuwa makundi yote yalianzia palepale juu. Majani ya jirani hayajapitia njia hiyo, ndiyo maana nayasemea tofauti.

Na kumbuka: kurejea kwenye wastani kunamrudisha mtu kwenye wastani wake mwenyewe. Mama wa mfano wetu wastani wake ni 151, na 151 bado ni presha ya juu.

Sasa nyumbani tufanyeje?

Pima kwa siku saba. Asubuhi mara mbili kwa kupishana dakika moja, jioni vilevile. Kabla ya hapo nusu saa nzima asinywe kahawa wala kufanya kazi nzito, aende haja ndogo, akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono umelala mezani usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi. Andikeni kila namba, hata ile isiyowapendeza. Siku ya kwanza iacheni nje ya hesabu, huwa inapanda kwa wasiwasi. Zilizobaki tafuteni wastani. Ukifika 135 kwa 85 au kuzidi, mama ana presha ya kutibiwa kliniki.

Mkitaka kubadilisha chochote, chumvi, kutembea au dawa, linganisheni wastani wa wiki na wastani wa wiki, msianzie kwenye 172 ya sokoni. Kuhusu majani, mwelezeni daktari ni mti gani, maana mengine hugombana na vidonge au kudhuru figo.

Lakini namba ikifika 180 kwa 120 na mama anaumwa kifua, anahema kwa shida, anaona giza, mdomo umepinda au mkono umelegea, msisubiri kipimo cha pili. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Zaidi ya hapo, nendeni kliniki na daftari lenye namba zote za wiki, siyo ile moja iliyowatisha wala ile moja iliyowafurahisha.