Baba Wawili wa Henry Morton Stanley: Namna Wasifu Unavyohakiki Nasaba

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanamfahamu Henry Morton Stanley kama mwandishi wa habari aliyeondoka Zanzibar na kumkuta David Livingstone Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Kwa muda mrefu alijieleza kuwa Mmarekani, na baadaye akaeleza kwamba jina hilo alipewa na tajiri wa pamba wa New Orleans, Henry Hope Stanley, aliyemfanya mwanawe. Sisi tunaoshughulika na nyaraka humtumia mara kwa mara kama mfano, kwa sababu maisha yake yanabeba pamoja kuzaliwa nje ya ndoa, kulelewa na wasio wazazi na dai la kuasiliwa.

Hati za utotoni mwake ziko wazi kwa kiasi kikubwa. Alizaliwa Denbigh, kaskazini mwa Wales, mwezi Januari 1841, na kitabu cha ubatizo cha kanisa kikamwandika kwa jina la John Rowlands, mwana wa haramu wa John Rowlands na Elizabeth Parry. Mama alikuwa msichana ambaye hakuwa ameolewa, na mtoto akaachwa kwa babu yake, Moses Parry. Babu alipofariki, ndugu wa mama walimlipia kwa muda katika nyumba ya majirani, kisha mwaka 1847 akapelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, alikokaa hadi mwaka 1856.

Katika kuisoma hati kama hiyo, mwandishi makini hatoi uzito sawa kwa wazazi wote wawili. Kwamba Elizabeth Parry ndiye mama si jambo la kubishaniwa, kwa kuwa uzazi wa mama hushuhudiwa na wengi. Jina la baba, kwa upande mwingine, liliingia kitabuni kwa kauli tu, bila ndoa ya kuliunga mkono. Ndiyo maana baadhi ya waandishi wamemtaja wakili mmoja wa mjini, James Vaughan Horne, kuwa huenda ndiye aliyekuwa baba halisi. Uvumi huo haujathibitika. Wasifu mzuri humwandika Rowlands kuwa baba aliyetajwa, na Horne kuwa anayedhaniwa, bila kumpandisha daraja hata mmoja wao.

Dai la kuasiliwa ndilo lenye mafunzo mengi zaidi. Katika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa na mjane wake mwaka 1909, miaka mitano baada ya kifo chake, Stanley anasimulia kwamba mke wa tajiri huyo alifariki kwa maradhi mwaka 1859, na kwamba tajiri mwenyewe alifariki mwaka 1861, baada ya kumpa kijana jina lake. Simulizi linagusa moyo, lakini tarehe zake zinaweza kupimwa. Watafiti walipofuatilia habari za Henry Hope Stanley walikuta kwamba yeye na mkewe walifariki mwaka 1878, yaani karibu miaka ishirini baada ya mwaka ambao mke anasimuliwa kuwa alifariki. Waandishi wa awali walidhani kwamba kijana na tajiri huyo walifahamiana kisha wakagombana, na hivyo kijana akamuua mlezi wake kwenye karatasi. Tim Jeal, katika wasifu alioutoa mwaka 2007, alikwenda mbali zaidi na kuhitimisha kwamba hawakuwahi kukutana.

Ushahidi mwingine unatoka mkononi mwa Stanley mwenyewe. Mwezi Desemba 1866, miaka kadhaa baada ya kupigana Marekani kwa jina la Stanley, alirudi Denbigh na kutia saini katika kitabu cha wageni cha kasri la mji huo kwa jina la John Rowlands. Mtu huyohuyo, magazeti yalipofichua asili yake mwaka 1872, alikanusha. Kwa maoni yangu, saini ile ina uzito kuliko kurasa nyingi za kumbukumbu zilizoandikwa uzeeni, kwani iliandikwa kabla hajawa na umaarufu wa kulinda.

Stanley naye alimlea mtoto, Denzil, ambaye yeye na mkewe Dorothy walimchukua akiwa mchanga mwaka 1896. Sheria ya Uingereza haikutambua kuasili hadi ilipotungwa sheria ya mwaka 1926, kwa hiyo yeyote anayetafuta amri ya mahakama ya wakati ule hataipata. Itabidi ategemee barua na wosia. Hali ni ngumu zaidi kwa Kalulu, mtoto mtumwa ambaye mfanyabiashara Mwarabu alimpa Stanley zawadi huko Unyanyembe mwaka 1871. Alipelekwa Uingereza, akasomeshwa, akapigwa picha pamoja na bwana wake, kisha akafa maji katika maporomoko ya mto Kongo mwaka 1877. Waandishi wengine humwita mtoto wa kuasiliwa. Karibu yote yanayoandikwa juu yake yanatokana na Stanley na watu waliokuwa upande wake, ikiwemo kauli kwamba jina lake la awali lilikuwa Ndugu M'Hali. Hakuna kitabu cha ubatizo cha kulinganisha nayo, na hakuna mzazi aliyepata kuulizwa, kwa hiyo neno sahihi la kumwandikia ni mtumishi aliyetolewa utumwani, na nafasi ya wazazi ibaki wazi.