Nani Kakwambia APA Haitaki Sifuri?

Wiki iliyopita nimeletewa tena. Tasnifu nzima, sura ya nne ikiwa na majedwali tisa, na mwenyewe kaniambia bila wasiwasi wowote: "Kaka, sifuri zote nimeshazitoa, APA haizitaki. Wewe nipitie lugha tu." APA ni mwongozo wa uandishi wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, na sifuri anazozisema ni zile za kabla ya nukta ya desimali. Tulikuwa steshenari moja ya Mwenge, nakala tatu ziko mezani zinasubiri jalada gumu. Nikafungua jedwali la kwanza. Washiriki ni wanafunzi wa chuo, mwaka wa pili. Wastani wa umri wao: miaka 2.4.

Hata umri wa chekechea hawajafika.

Alichofanya ni hiki: alifungua Word, kwenye Find akaandika `0.`, kwenye Replace akaweka nukta peke yake, akabonyeza Replace All. Word haibishi. 0.026 ikawa .026, sawa kabisa. 0.71 ikawa .71, na hapo kuna kosa nitakalolieleza. Umri wa 20.4 ukawa 2.4, kwa sababu 20.4 nayo ina `0.` ndani yake. Wanaume waliokuwa asilimia 50.0 wakawa asilimia 5.0, huku aya ya chini ikiendelea kusema kwamba nusu ya sampuli ni wanaume. Nakala zote tatu zilikuwa hivyo.

Yeye simlaumu sana. Hii imani ya "APA haitaki sifuri" nimeisikia kwa wanafunzi, kwa wachapaji, na mara moja kwa msimamizi aliyezungushia kalamu nyekundu kila sifuri iliyokuwa kabla ya nukta. Nadhani chanzo chake kikubwa ni SPSS. Ukiiacha kama ilivyokuja, SPSS inakata sifuri ya mbele kwenye kila kitu: mchepuko sanifu unatoka .714, tofauti ya wastani .440, Sig. .026. Mtu anaona programu ya takwimu inaandika hivyo, anaamini ndiyo APA. Mwingine anatumia Excel au R, ambazo zinaweka sifuri kila mahali, naye anaamini hivyo ndivyo. Programu zote hizo hazijui mwongozo wako. Zinatoa namba, kuiandika ni kazi yako.

Kanuni yenyewe, na haijabadilika katika toleo la saba la mwongozo lililotoka 2019, haiulizi kama namba uliyonayo ni ndogo kuliko 1. Inauliza kama kipimo hicho *kinaweza* kuvuka 1. Soma tena, maana hapa ndipo watu wanapoteleza. Thamani ya *p* ni uwezekano, haiwezi kupita 1 hata ufanye nini, kwa hiyo sifuri haina kazi: *p* = .026. Kigawo cha uhusiano *r* kinaishia 1 upande huu na −1 upande ule: *r* = .43. Alfa ya Cronbach ni vivyo hivyo, na *R*² pia. Lakini mchepuko sanifu unaweza kuwa 0.71 leo na 14.2 kesho, inategemea unapima nini. Wastani ni hivyo hivyo. *d* ya Cohen, ambayo watu wengi wanaikata sifuri kwa kuwa mara nyingi inatoka chini ya 1, inaweza kuwa 1.3 bila shida yoyote. Hizo zote zinabaki na sifuri. Ukiandika *d* = .59, msomaji anayeijua kanuni anaambiwa kwamba kipimo hiki kina dari, na hakina.

Tuchukue matokeo yake mwenyewe. Makundi mawili, watu 30 kila moja, mizani ya 1 hadi 5. Aliandika hivi:

```
T (58)=2.28,P=.026,d=.59,95%CI(.05-.83)
```

Inatakiwa isomeke hivi: kundi la kwanza (*M* = 3.62, *SD* = 0.71) lilipata alama za juu kuliko la pili (*M* = 3.18, *SD* = 0.78), *t*(58) = 2.28, *p* = .026, *d* = 0.59, na tofauti ya wastani ni 0.44, 95% CI [0.05, 0.83].

Angalia kwamba katika mstari huo mmoja *p* haina sifuri na *d* inayo. Si kwamba nimesahau. Watu wananirudishia kazi wakisema "hapa hujaweka sawasawa, fanya zote zifanane". Hazifanani kwa makusudi! Na mipaka ya CI inafuata kipimo chake: hii ni ya tofauti ya wastani, kwa hiyo ina sifuri. Ingekuwa ya *r* ningeandika [.12, .61].

Mengine nayapitia haraka. *t* ni ndogo, T kubwa ni kitu kingine. Herufi za kawaida zinazosimama kama alama za takwimu zinalazwa: *t*, *F*, *p*, *r*, *M*, *SD*, *N*, *n*, *d*, *df*. Za Kigiriki zinasimama wima: α, β, χ², η². ANOVA na CI ni vifupisho, havilazwi. Namba na mabano hayalazwi, kwa hiyo usichague mstari mzima ukabonyeza Ctrl+I. Weka nafasi pande zote mbili za alama ya sawasawa, lakini usiweke kati ya *t* na bano lake. Ukiona *p* = imebaki mwisho wa mstari na .026 imeangukia mstari wa chini, weka nafasi isiyokatika kwa Ctrl+Shift+Space. Na SPSS ikikuandikia Sig. .000, usinakili hivyo. Uwezekano haujawa sifuri, umekuwa mdogo kuliko desimali zilizoonyeshwa: *p* < .001.

Kuna pahala hata mimi nasitasita. β sanifu ya rigresheni, kwa mfano. Desturi ni kuikata sifuri, β = .34, na majedwali mengi yanafanya hivyo. Lakini vigezo vikiwa na uhusiano mkubwa baina yao, β inaweza kuvuka 1, nimeshaiona kwa macho yangu kwenye data ya mteja. Kwa kuifuata kanuni neno kwa neno, ilitakiwa ibaki na sifuri. Mimi nafuata desturi, na ikitokea jedwali lina β ya 1.08, naziwekea sifuri zote za safu hiyo. Sijui kama mtahini wa nje atakubali, hajawahi kuuliza. Nyingine ni wastani wa swali la ndiyo au hapana lililowekwa 1 na 0. Ule wastani ni uwiano, hauwezi kuvuka 1. Je, *M* = 0.64 au .64? Nikiweza kukwepa naandika asilimia 64, yakaisha.

Yule kijana tulikaa naye mpaka saa mbili usiku. Hatukutumia Replace All. Tulifungua faili la zamani, lile la kabla hajazitoa, tukaandika `0.` kwenye Find na kubonyeza Find Next, moja moja, kila ikisimama namuuliza: hiki kinaweza kuvuka 1? Mwanzoni alikuwa ananitazama mimi kabla ya kujibu. Kufika jedwali la sita alikuwa anajibu mwenyewe huku akila mihogo, na kwenye jedwali la nane akanikamata mimi nimepitisha η² ikiwa na sifuri.

Nakala tatu za zamani mwenye steshenari kazichukua. Anafungia vitumbua.