Pini hii imetoka wapi?

Fomu ya kujisajili mtandaoni inauliza jina la mtaa, namba ya nyumba na msimbo wa posta, na kila kisanduku ni cha lazima. Anayeishi pasipo na namba za nyumba hana la kujibu, na fomu haimruhusu kupita bila kujaza. Basi anaandika "hakuna", "0" au "00000", na kwenye hifadhidata anwani yake inaonekana imekamilika. Kwa hiyo mimi huondoa ulazima huo, halafu naweka chini yake kitufe: "Nyumba yangu haina namba". Akikibonyeza, ramani inafunguka ili aweke pini mahali anapoishi.

Wengi wakifika hapo huona kazi imeisha, kumbe ndiyo inaanza. Pini ni latitudo na longitudo tu, na namba hizo mbili hazisemi zimepatikanaje. Huenda simu ndiyo iliyozisoma, huenda mtu ameichagua sehemu hiyo kwa mkono, au huenda hakuna aliyegusa chochote: ramani ilifunguka pini ikiwa tayari katikati ya mji, na mtu akabonyeza "Endelea". Hali hii ya mwisho ndiyo inayoharibu data kimyakimya. Kuigundua ni rahisi, kwa sababu nyumba za watu tofauti haziangukii kwenye namba zilezile kwa wingi:

```sql
SELECT lat, lng, COUNT(*) AS idadi
FROM anwani
WHERE lat IS NOT NULL
GROUP BY lat, lng
HAVING COUNT(*) > 5
ORDER BY idadi DESC;
```

Ukiona mstari wa kwanza una mamia ya watu, hapo ndipo ramani yako inapofungukia. Dawa yake ni kutoweka pini yoyote mwanzoni, na kuacha "Endelea" ikiwa imefifia mpaka mtu achague mahali.

Sasa chukua mtu anayejisajili akiwa kazini, ndani ya jengo. Anabonyeza "Tumia mahali nilipo", na kivinjari kinarudisha namba za mahali pamoja na `accuracy` ya 1800. Hizo ni mita: kivinjari kinakadiria kwamba yuko ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 1,800. Mawimbi ya GPS hayapenyi vizuri ndani ya jengo, na huenda simu imekisia kwa kutumia mnara wa mtandao. Fomu isiyosoma `accuracy` itaipokea pini hiyo kama vile ni mlango wa nyumba.

Kumbuka kwamba hapa kuna kasoro mbili. Ya kwanza ni ukubwa wa duara: mimi, ikizidi mita 50, naitumia kuisogeza ramani eneo hilo tu, kisha mhusika achague mwenyewe. Ya pili haionekani kwenye namba yoyote. Hata `accuracy` ingekuwa 8, pini ingekuwa sahihi kabisa, ila ya ofisini. Hakuna programu itakayokuambia hivyo, lazima uulize "Je, uko nyumbani sasa hivi?" kabla ya kuomba ruhusa ya mahali.

Kuchagua kwa mkono nako kuna mtego wake. Kwenye ramani za kawaida za mtandaoni, ukuzaji ukiwa 13, pikseli moja karibu na ikweta ni kama mita 19, hivyo kidole chenye upana wa pikseli 40 kinafunika zaidi ya mita 700. Ukuzaji ukiwa 17, kidole hichohicho kinafunika chini ya mita 50. Ndiyo maana sikubali pini kabla ya 17. Pia naiweka pini katikati ya skrini isitikisike, ramani ndiyo ipite chini yake, ili kidole kisizibe kile mtu anachokitafuta. Picha za setilaiti husaidia sana pale njia zisipo na majina, kwani watu huyatambua mapaa na njia za miguu. Ila nyumba mpya inaweza kuwa haimo kwenye picha.

Pamoja na namba hizo nahifadhi chanzo (`gps` au `mkono`), usahihi, kiwango cha ukuzaji na tarehe. Tarakimu 5 baada ya nukta zinatosha, maana ni kama mita moja. Angalia mpangilio: muundo wa data wa GeoJSON huanza na longitudo, maktaba ya ramani ya Leaflet huanza na latitudo. Zikigeuzwa, longitudo kama 36 itapita bila kosa, kwa kuwa ni latitudo halali, kwa hiyo hakikisha pini imo ndani ya eneo unalohudumia.

Kisanduku cha maelekezo hakiondoki hata pini ikiwa nzuri, kwa sababu pini iliyo juu ya paa haisemi geti liko upande gani. Badala ya "Alama ya karibu", naandika "Mgeni akifika karibu, atazame nini au aulize nini?" Majibu huja marefu zaidi, na mtu anaweza kuyafuata hata ramani ikigoma kufunguka.