Kumomonyoka si kuporomoka: maana ya mmomonyoko wa pwani

Mwezi uliopita niliketi nyuma ya darasa moja la sekondari hapa Nairobi, nikiwasikiliza wanafunzi waliokuwa wamerudi kutoka ziara ya Watamu. Kijana mmoja, mwenye sauti nzuri na michoro iliyopangwa vizuri, alionyesha picha ya tao la mwamba baharini akasema: "Mawimbi yalipiga hapa, tao likamomonyoka siku moja, ikabaki nguzo." Darasa zima liliandika hivyo hivyo. Sentensi ya namna hiyo nimeisikia redioni na kuisoma katika maelezo ya picha mara nyingi mno. Inachanganya vitenzi viwili ambavyo Kiswahili kilivitenganisha zamani, na ukivichanganya huwezi tena kueleza ni nini hasa hutokea pale bahari inapokutana na mwamba.

Maana yenyewe ni fupi. Mmomonyoko wa pwani ni kuondolewa kwa mwamba au udongo wa ufuo, kidogo kidogo, kwa nguvu ya maji ya bahari. Maji yanayosukumwa kwenye ufa huibana hewa iliyomo, na wimbi linaporudi nyuma hewa hiyo hutanuka ghafla na kulegeza chembe za mwamba. Mchanga na kokoto zinazobebwa na mawimbi husugua kama msasa, na mahali penye mawe ya chokaa, maji huyayeyusha polepole. Hayo yote ni kumomonyoa.

Neno lenyewe ndilo linalostahili kutulia nalo. Kumomonyoa ni kuondoa vipande vidogo vidogo kutoka kwenye kitu kikubwa, jinsi panya anavyoutafuna mkate pembeni au mvua inavyokula ukuta wa udongo pale chini unapokutana na ardhi. Kinachomomonyoka huendelea kusimama huku kikipungua. Ndiyo maana wahubiri na viongozi wetu wanapolalamikia mmomonyoko wa maadili wanalitumia neno sawasawa, kwa kuwa wanazungumzia kitu kinachopungua kwa siku nyingi bila mtu kusikia kishindo. Kuporomoka ni jambo jingine. Kinachoporomoka huanguka kwa wingi na kwa mara moja, kwa uzito wake chenyewe, baada ya kukosa kitu cha kukishikilia. Tunasema maporomoko ya ardhi kuhusu mlima unaokatika usiku mmoja, na maporomoko ya maji kuhusu mto unaokosa sakafu. Magazeti nayo husema mporomoko wa bei wakati bei inaposhuka ghafla. Sijawahi kumsikia mtu mzima wa Kiswahili akisema nyumba ya ghorofa imemomonyoka mchana mmoja, lakini ikifika zamu ya mwamba wa bahari, watu hao hao hulisema bila kusita.

Pwani inayoliwa na bahari inahitaji vitenzi vyote viwili, kwa kupokezana. Chukua genge, yaani ukingo wa mwamba uliosimama wima juu ya maji (neno ambalo jijini hapa limebaki karibu na maana moja tu, ile ya kundi la watu). Wimbi halifiki kileleni mwa genge, wala halina haja ya kufika. Hufanya kazi kwenye mguu wake, katika ukanda mwembamba ambao maji hufikia yanapojaa, na hapo huchimba mfuo unaoingia ndani ya mwamba. Kadiri mfuo unavyoingia, ndivyo sehemu ya juu inavyobaki ikining'inia kama kibaraza kisicho na nguzo. Huo ni mmomonyoko. Kisha siku moja kibaraza hicho hukatika kwenye ufa uliokuwapo tangu zamani, kikaanguka. Huo ni mporomoko, na unaweza kutokea bahari ikiwa shwari kabisa, kwa sababu kilichouangusha mwamba ni uzito wake mwenyewe.

Msomaji wa Nairobi anaweza kuliona jambo hilo bila kupanda treni ya Mombasa. Baada ya mvua kubwa, simama mahali salama mbali na ukingo, utazame kingo za udongo za mito yetu hapa jijini. Mto uliofura huila sehemu ya chini ya ukingo ukiwa umejaa, lakini mara nyingi ukingo wenyewe huanguka baadaye, wakati maji yameshuka na udongo ungali mzito kwa unyevu. Anayepita wakati huo huuona mto mdogo uliotulia na donge kubwa la udongo lililoanguka kando yake, akashindwa kuunganisha mambo hayo mawili.

Sasa turudi kwenye tao la yule kijana. Mwanzo wake ni rasi, ulimi wa nchi kavu uliojitokeza baharini. Mawimbi yanapokaribia pwani hupinda kufuata umbo la sakafu ya bahari, nguvu zake zikakusanyika kwenye rasi kutoka pande zote mbili, huku ndani ya ghuba zikitawanyika. Penye ufa au tabaka laini, mwamba humomonyoka hadi likawa pango. Mapango mawili yakichimbwa kutoka pande mbili za rasi moja na kukutana, au pango moja likitoboka upande wa pili, hapo tao limezaliwa. Kufikia hapo hakuna kilichoporomoka ila vipande vya dari. Dari hiyo hudumu kwa muda mrefu kwa sababu umbo lake la upinde huupeleka uzito kwenye miguu ya pande mbili, na mwamba huvumilia sana kubanwa. Usichoweza kukivumilia ni kuvutwa. Miguu ikizidi kuliwa, uwazi ukapanuka na nyufa za juu zikafunguka, mawe ya katikati hayabanwi tena vya kutosha. Hapo dari huporomoka, na kipande cha upande wa bahari hubaki peke yake. Ndicho kinachoitwa nguzo.

Kisa kinachoonyesha hayo kwa uwazi kuliko vyote ninavyovijua ni cha Australia, katika pwani ya Port Campbell jimboni Victoria, ambako magenge ni ya mawe ya chokaa yaliyopangana kwa matabaka. Palikuwa na rasi nyembamba yenye matao mawili yaliyofuatana, na kwa umbo lake watu waliiita Daraja la London. Wageni walikuwa wakitembea juu yake hadi ncha ya mwisho. Tarehe 15 Januari 1990, tao lililokuwa karibu na nchi kavu liliporomoka. Watu wawili waliokuwa wamekwisha kuvuka walijikuta juu ya kipande kilichozungukwa na bahari, wakachukuliwa kwa helikopta. Hakuna aliyeumia. Tao la pili lingali limesimama, sasa likiwa kisiwani, na mahali pale huitwa Tao la London.

Fikiria wale wawili walivyovuka. Walikanyaga mwamba uliokuwa ukimomonyoka tangu kabla babu zao hawajazaliwa, na chini ya nyayo zao haukuonyesha dalili yoyote, kwa sababu kilichopungua kilikuwa pembeni na chini, mahali ambapo mtu aliye juu hapaoni. Mtu akisema kwamba daraja lile lilimomonyoka tarehe 15 Januari, amezifuta zile karne zote za kazi ya maji na kuiacha siku moja tu, siku ambayo kazi ilikuwa imekwisha.

Takwimu nazo hupotosha kwa njia hiyo hiyo. Husemwa kwamba mawimbi hula miguu ya nguzo maarufu za pwani hiyo, zile ziitwazo Mitume Kumi na Wawili, kwa wastani wa sentimita 2 hivi kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, miaka 50 ni mita moja. Lakini wastani huo ni wa kumomonyoka. Nguzo haikai ikipungua sentimita mbili mbili hadi iishe. Mnamo Julai 2005 mojawapo, yenye kimo cha mita 50 hivi, ilianguka ikawa rundo la mawe, na kati ya tisa tu zilizokuwapo, licha ya jina hilo, zikabaki nane. Nani angeweza kulisoma tukio hilo katika sentimita 2?

Pwani yetu hufuata kanuni hizo kwa sura yake. Mwamba wa Watamu na Kilifi ni matumbawe ya kale, yaliyoota chini ya maji wakati bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, yapata miaka 125,000 iliyopita, na sasa yamebaki nchi kavu. Magenge yake ni mafupi, lakini mfuo wa chini ni mzuri sana kuutazama. Wakati wa bamvu, maji yakiwa yamepwa kabisa, unaweza kuinama chini ya kibaraza na kuweka mkono pale maji yalipofika saa chache kabla. Juu mwamba ni mweusi na umechongoka kiasi cha kukata kiatu. Ndani ya mfuo ni wa rangi hafifu, umelainika, umejaa vishimo vya viumbe wanaoutoboa na kuukwangua, nao ni wasaidizi wa bahari katika kumomonyoa. Vile visiwa vidogo vya ghubani vimeliwa miguu pande zote hata vikafanana na uyoga. Shina la uyoga humomonyoka. Kofia yake itaporomoka.

Namna ya kutambua kilichotokea mahali ni kutazama mawe yaliyo chini ya genge. Yakiwa na kingo kali, na juu yake ukaona kovu jeupe kwenye ukuta wa mwamba, mporomoko ni wa karibuni. Yakiwa ya mviringo, mawimbi yamekuwa yakiyaviringisha kwa muda mrefu. Rundo hilo, lingali pale, huukinga mguu wa genge, na mmomonyoko hupoa mpaka bahari ilisage na kulihamisha.

Mwisho wa yote ni sakafu. Nguzo ikianguka huacha kisiki kinachoonekana maji yanapokupwa tu, na kisiki nacho husuguliwa hadi kikalingana na jukwaa la mwamba lililo tambarare, ambalo genge liliacha nyuma yake lilipokuwa likirudi nchi kavu. Jukwaa hilo likipanuka, mawimbi huvunjika mbali na kufika gengeni yakiwa yamechoka, kwa hiyo bahari hujipunguzia kasi kwa kazi yake yenyewe, isipokuwa usawa wa maji ukipanda.

Baada ya kipindi nilimwita yule kijana tukaketi na daftari lake. Michoro yake ilikuwa sahihi yote, hata mfuo aliuchora mahali pake. Tulibadilisha sentensi moja tu, na sasa inasomeka hivi: "Mawimbi yaliimomonyoa miguu ya tao kwa miaka mingi, kisha tao likaporomoka, ikabaki nguzo."