Mwenye hisa hawezi kudai mali ya kampuni kama yake

"Una hisa 20%? Mkurugenzi akila hela za kampuni mshtaki, mahakama inakupa 20% yako!"

Hii meseji naomba tuache kuiforward jamani, maana inawapotezea watu hela za wakili. Chukulia mkurugenzi kamuuzia shemeji yake gari la kampuni la milioni 50 kwa milioni 10. Hasara ni milioni 40 na ni ya kampuni, kwahiyo wa kushtaki ni kampuni yenyewe, msimamo huu upo tangu kesi moja ya Uingereza ya 1843. Wewe huwezi kudai milioni 8 zako eti hisa zimeshuka. Sasa kama wakubwa wenye hisa nyingi ndo wanazuia kampuni isishtaki, sheria za nchi nyingi zinakuruhusu ushtaki kwa niaba ya kampuni, mara nyingi kwa kibali cha mahakama, ila hela zikirudi zinaingia kampuni sio mfukoni kwako.

Watu wanachanganya na kesi ya uonevu, yaani wamekubania gawio huku wao wanajilipa mishahara minono, au wametoa hisa mpya ili yako ipungue. Hapo unadai mwenyewe, na mahakama inaweza kuamuru wanunue hisa zako kwa bei ya haki. Kucheki ni rahisi, fungua sheria ya makampuni ya nchi yako uangalie sehemu ya ulinzi wa wanahisa wachache.