Bafu la kioo lisilo na mlango: tunayodhani na yalivyo

Nyumba nyingi mpya za Shangani na Chuno, Mtwara, sasa zinajengwa bafu lisilo na mlango wala pazia: kipande kimoja cha kioo kinasimama, unapita pembeni yake na kuoga. Linapendeza, ila maji yakianza kutoroka kuelekea chooni, lawama zote huangukia kioo. Mara nyingi kosa lilishafanyika sakafuni, kabla kioo hakijaagizwa.

Tuchukue bafu lenye upana wa sentimita 160. Sehemu ya kuogea iko mwisho wa chumba, ina kina cha sentimita 120 na inashika upana wote. Kioo cha sentimita 100 kinasimama mbele yake, na sentimita 60 zinabaki kuwa njia ya kuingilia.

Dhana: slopu ikiwa kali, maji yanaondoka vizuri zaidi.

Sentimita 2 kwa kila mita zinatosha. Chini ya sentimita 1 kwa mita, maji huanza kutuama, hasa mahali ambapo kigae kimoja kimekaa juu kidogo ya mwenzake. Ukienda mbali zaidi ya 2, mguu wenye sabuni unaanza kuteleza, na mzee wa nyumba ataoga akiwa ameshika ukuta. Kupima ni rahisi: laza ubao ulionyooka wa mita moja, weka pimamaji juu yake, inua ncha ya upande wa chini mpaka pimamaji iseme sawa, kisha pima uwazi uliobaki chini ya ncha hiyo.

Slopu hii itengenezwe kwenye sakafu ya saruji yenyewe. Fundi akikuambia ataipata kwa kuongeza gundi chini ya vigae, mzuie. Mwaga ndoo ya maji kabla kigae cha kwanza hakijawekwa. Yakibaki madimbwi hapo, vigae havitayaondoa.

Dhana: tundu la maji mahali pake ni katikati.

Hapa ndipo bafu linapoharibikia, kwa sababu tundu ndilo linaloamua mambo mengine yote. Katika bafu letu, kutoka kona hadi katikati ni mita 1 kamili, kwa hiyo tundu linakaa sentimita 2 chini ya kingo. Lakini ukuta wa nyuma uko sentimita 60 tu kutoka katikati. Kingo zikiwa sawa pande zote, upande huo unashuka sentimita 2 zilezile ndani ya sentimita 60, yaani zaidi ya 3 kwa mita. Sakafu inakuwa na pande nne zinazoinama kila mmoja kivyake, na kigae cha sentimita 60 kwa 60 hakikunjiki. Itabidi kikatwe kwa mshazari, au utumie vigae vidogo.

Badala yake, weka mfereji mwembamba wenye kifuniko cha matundu kando ya ukuta wa nyuma. Sakafu inainama upande mmoja tu, sentimita 2.4 kutoka kwenye kioo hadi mfereji, na vigae vikubwa vinalala vizima. Maji yanakimbia kioo badala ya kukifuata. Faida hiyo utaiona siku maji ya bomba yakikatika na watu wakaoga kwa ndoo na kopo, maana maji humwagika mengi kwa mpigo mmoja.

Sasa uhamishie mfereji huo ukuta wa pembeni. Slopu itakwenda sambamba na kioo, na chini ya kioo chako cha mita 1 sakafu itashuka sentimita 2. Kioo kimenyooka, sakafu imeinama: pembe moja inagusa kigae, ya pili inaacha mwanya ambao silikoni haiwezi kuuziba kwa muda mrefu. Ndiyo maana kioo hupimwa baada ya vigae kukauka. Kile kilichoimarishwa kwa moto hakikatwi wala hakitobolewi tena. Ukijaribu, kinasambaratika chote. Kikifika kutoka Dar es Salaam kikiwa na kipimo kibaya, ni cha kuagiza upya.

Dhana: kioo kinene ndicho salama.

Usalama unatokana na kuimarishwa kwa moto, kwani kikivunjika kinatoka chembe ndogo badala ya mapanga. Tafuta alama iliyochapwa kwenye kona. Unene unahusu kuyumba. Kwa kioo chetu cha mita 1 kwa 2, milimita 8 zinafaa kama juu kuna fimbo ya chuma inayokishika ukutani. Milimita 10 ni kigumu karibu mara mbili, lakini uzito unapanda kutoka kilo 40 hadi 50, na kilo hizo zinabebwa na sakafu na vishikizo. Skrubu ziingie ndani ya tofali. Zikiishia kwenye plasta, kioo kitaanza kucheza hata kiwe kinene vipi. Kwa chumvi ya pwani yetu, omba vishikizo vya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Vya 304 huanza kuonyesha madoa ya kahawia mapema zaidi.